Usifungue Poti Nyumbani

Ukimuuliza fundi wa kompyuta jinsi ya kuifikia seva ya nyumbani ukiwa mbali, mara nyingi utapata jibu lilelile: ingia kwenye ruta, fungua poti, ielekeze kwenye seva, weka nywila ngumu, kazi imekwisha. Ruta ikigoma, atakutuma ukanunue anwani ya kudumu ya IP. Ushauri huu umezoeleka kiasi kwamba anayeuhoji huonekana mwoga au mshamba. Nauhoji. Katika milima yetu ushauri huo kwa kawaida haufanyi kazi, na pale unapofanya kazi ndipo unapoleta hasara kubwa zaidi. Ipo njia ya zamani, tena imo tayari ndani ya karibu kila kompyuta ya Linux, nayo ni handaki la SSH. Wengi huidharau, na baadhi ya wanaoitumia huitumia vibaya.

Tuchukue mfano wa Shighatini, Ugweno, katika Upare Kaskazini. Huku mashamba ya migomba na mahindi hupata maji kwa zamu kutoka kwenye ndiva, yale mabwawa madogo ambayo Wapare wamekuwa wakiyachimba tangu enzi za mababu. Tuseme kikundi cha watumia maji kimeacha daftari na kuweka kumbukumbu zake kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyumbani kwa katibu. Ndani yake kuna ukurasa wa wavuti unaoonyesha nani anafungulia maji lini, nani amelipa mchango, nani hakufika siku ya msaragambo, pamoja na namba za simu za watu wote. Ukurasa huo unasikiliza poti 8080. Intaneti inatoka kwenye ruta ya laini ya simu iliyowekwa dirishani panapopatikana mtandao. Mweka hazina wa kikundi anaishi Dar es Salaam na anataka kuingiza malipo akiwa huko.

Fundi anakuja na kufungua poti kwenye ruta. Dar es Salaam hakifunguki kitu. Anawasha upya, anabadilisha namba, hakuna jipya. Ruta haina kosa. Kampuni ya simu haikuipa nyumba hiyo anwani yake yenyewe, bali imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mgeni anayebisha kutoka nje hufika kwenye mitambo ya kampuni na kuishia hapo, kwa kuwa mitambo hiyo haijui abishiwe mteja yupi. Ni rahisi kulithibitisha hili. Fungua ukurasa wa ruta na usome anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya ukuta huo. Safu hiyo ya pili ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo.

Hapo ndipo unapokuja ushauri wa kununua anwani ya kudumu. Anwani za mfumo wa zamani wa IPv4 zimekuwa adimu duniani kote. AFRINIC, shirika linalozigawa barani Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya akiba yake Januari 2020, na tangu hapo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja, hata akiwa kampuni kubwa. Kumwambia katibu wa ndiva akashindanie bidhaa hiyo ili watu wachache wasome ratiba ya maji ni kumtwisha gharama isiyo na sababu.

Lakini tuseme ameipata. Anwani ni yake, poti imefunguka, na Dar es Salaam wanaona ukurasa. Hapa ndipo ushauri wenyewe unapoharibikia. Ukurasa ukifunguka kwa mweka hazina umefunguka kwa dunia nzima. Wanaojitetea husema, "Nani ataijua seva ya Shighatini?" Hakuna anayehitaji kuijua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, inayoweza kupitia anwani zote za IPv4 duniani kwa poti moja chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja yenye intaneti ya kasi. Roboti za namna hiyo zinabisha kila nyumba usiku na mchana. Kubadilisha poti kutoka 8080 kwenda 48080 ni kujificha nyuma ya mgomba huku umeshika tochi inayowaka.

Na ile nywila ngumu? Kama ukurasa unatumia HTTP tupu, na kurasa nyingi za nyumbani ndivyo zilivyo, nywila inasafiri bila kufichwa tangu simu ya mweka hazina hadi Shighatini. Hata ukiifunika kwa cheti cha HTTPS, programu yenyewe inabaki wazi mbele ya kila apitaye, na kasoro moja ndani yake inatosha kumwingiza mtu bila kuulizwa nywila. Wenye seva za kuhifadhia mafaili za QNAP walilipata somo hilo Januari 2022. Genge lililojiita DeadBolt lilitumia kasoro ya programu, likafunga mafaili ya watu majumbani na kudai bitikoini 0.03 kwa kila seva. QNAP, kampuni ya Taiwan iliyozitengeneza, iliwahimiza wateja wake wafunge poti walizokuwa wamezifungua kwenye ruta. Mtengenezaji mwenyewe alisema zifungwe, na mafundi wetu bado wanazifungua.

Sasa tuangalie njia nyingine. SSH ilianzishwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, Mfini wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya watu kunasa nywila katika mtandao wa chuo hicho. Wengi wanaijua kama njia ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa maandishi. Wachache wanajua kwamba muunganisho huohuo uliofichwa unaweza kubeba mawasiliano ya programu nyingine yoyote inayotumia TCP, na unaweza kuyabeba kwa pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni handaki la mbali, lenye alama ya `-R`. Seva ya nyumbani ndiyo inayotoka. Inaenda kwenye seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma, kisha inaiambia: ukipata mgeni kwenye poti fulani ya kwako, nirudishie mimi kupitia njia hii niliyokuja nayo. Mitambo ya kampuni ya simu haina tatizo, kwa kuwa inachozuia ni wageni wanaoingia, na hapa mwenyeji ametoka mwenyewe kama anavyotoka kila anapofungua ukurasa wa habari. Nyumbani hakuna poti iliyofunguliwa na hakuna anwani iliyonunuliwa.

Upande wa pili ni handaki la karibu, lenye alama ya `-L`. Hili linaanzia kwenye kompyuta ya mweka hazina. Linafungua poti ndani ya kompyuta yake mwenyewe, na chochote kinachoingia hapo kinapelekwa hadi upande wa pili wa muunganisho wa SSH.

Mahandaki haya mawili yakikutana kwenye seva ya kukodi, Dar es Salaam inafika Shighatini. Lakini wapo wanaokubali handaki na bado wanarudia kosa lilelile la kufungua mlango. Mafunzo mengi yanayosambazwa humwelekeza mtu ahamishie ukurasa wenyewe kwenye seva ya kukodi kwa `-R`, kisha aweke `GatewayPorts yes` ili ufunguke kwa anwani ya umma. Wapendao njia hii huisifu kwamba mtumiaji haangaiki na lolote. Ni kweli, na mdukuzi naye haangaiki na lolote. Chaguo la kawaida la OpenSSH ni kufunga poti ya `-R` ndani ya seva yenyewe, kwenye 127.0.0.1, na waliolipanga hivyo walikuwa na sababu. Anayeliondoa amehamisha poti iliyo wazi kutoka Shighatini kwenda kwenye seva ya kukodi, wala hajapunguza hatari hata kidogo.

Kosa la pili limejificha zaidi, na hata wataalamu hulifanya. Wanaacha `GatewayPorts` kama ilivyo, wanapeleka poti 8080 kwa `-R`, kisha wanaichukua kwa `-L`. Wanaamini mawasiliano yamefichwa mwanzo hadi mwisho, kumbe sivyo. Handaki la kwanza linaishia kwenye seva ya kukodi, na la pili linaanzia hapo. Katikati, ndani ya seva hiyo, data ya HTTP inapita ikiwa wazi. Mwenye mamlaka ya root pale, au mwenye kampuni inayokukodisha, anaweza kusoma namba za simu za kikundi kizima, na mtu yeyote mwenye akaunti pale anaweza kuufikia ukurasa wenyewe.

Dawa ni kutopeleka ukurasa kabisa. Peleka poti ya SSH ya seva ya nyumbani, ile 22, na umwachie mweka hazina afanye SSH hadi Shighatini kwenyewe akipitia seva ya kukodi. Kwenye Raspberry Pi amri ni hii. Anwani 203.0.113.10 imetengwa kwa mifano tu, kwa hiyo weka ya seva yako:

```
ssh -N -o ExitOnForwardFailure=yes \
  -o ServerAliveInterval=30 -o ServerAliveCountMax=3 \
  -R 127.0.0.1:2222:127.0.0.1:22 handaki@203.0.113.10
```

Kwenye kompyuta ya mweka hazina, maelezo yanaandikwa mara moja tu ndani ya faili la `~/.ssh/config`:

```
Host ndiva
    HostName 127.0.0.1
    Port 2222
    User hazina
    ProxyJump msafiri@203.0.113.10
    HostKeyAlias seva-ya-ndiva
    LocalForward 8888 127.0.0.1:8080
```

Kuanzia hapo anaandika `ssh -N ndiva`, anafungua kivinjari kwenye `http://localhost:8888`, na ratiba ya maji iko mbele yake. Mstari wa `ProxyJump`, uliopo tangu OpenSSH 7.3 ya mwaka 2016, ndio wenye siri. Seva ya kukodi inapitisha tu muunganisho wa pili uliofungwa ndani ya wa kwanza. Funguo za muunganisho huo wa pili ziko Shighatini na Dar es Salaam peke yake. Anayechungulia katikati anaona takataka.

Ila siri hiyo inasimama juu ya jambo moja ambalo watu hulipita haraka. Mara ya kwanza, SSH humuuliza mweka hazina kama anaitambua alama ya seva anayoifikia. Akijibu ndiyo bila kuangalia, seva ya kukodi iliyovamiwa inaweza kujifanya ndiyo ya Shighatini. Kwa hiyo katibu asome alama hiyo kwenye Raspberry Pi yenyewe kwa `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`, amsomee mwenzake kwa simu, na mwenzake alinganishe na anayoiona mbele yake. Kazi hiyo inafanywa mara moja tu.

Wapinzani wa handaki wana hoja moja nzito: ufunguo ulioko Shighatini hauna nywila, kwa sababu umeme ukirudi usiku wa manane hakuna mtu wa kuiandika. Mwizi akibeba Raspberry Pi, amebeba na ufunguo wa seva ya kukodi. Hoja ni ya kweli, na jibu lake ni kuufanya ufunguo huo usiwe na thamani. Kwenye seva ya kukodi, mwisho wa `/etc/ssh/sshd_config`, kila akaunti ipewe kazi yake moja:

```
Match User handaki
    AllowTcpForwarding remote
    PermitListen 127.0.0.1:2222
    PermitTTY no
    ForceCommand /bin/false
Match User msafiri
    AllowTcpForwarding local
    PermitOpen 127.0.0.1:2222
    PermitTTY no
    ForceCommand /bin/false
```

Akaunti ya `handaki` inaweza kuweka poti 2222 tu. Haiwezi kuandika amri wala kupita kwenda kwingine. Ya `msafiri` inaweza kuifikia poti hiyo tu. Shighatini nako mwekee `hazina` mipaka ya namna hiyo, ukimruhusu poti 8080 peke yake. Juu ya yote, `PasswordAuthentication no` kote, ili funguo zitumike na nywila zisikubaliwe kabisa. Ukurasa nao usikilize 127.0.0.1 tu, vinginevyo mgeni yeyote aliyepewa Wi-Fi ya katibu atausoma bila handaki.

Lawama ya pili ndiyo inayosikika zaidi: handaki haliaminiki, leo lipo na kesho halipo. Watu wanalaumu SSH kwa jambo lililo katika mipangilio yao. Umeme ukikatika Ugweno, Raspberry Pi inazimika bila kuaga. Seva ya kukodi haijui, inaendelea kuishikilia poti 2222 ikidhani mwenzake yupo kimya tu. Kwa kawaida ya Linux, zinaweza kupita saa 2 kabla ya muunganisho ulio kimya kuanza kukaguliwa. Umeme unarudi baada ya dakika 10, seva ya nyumbani inabisha, na inaambiwa:

```
Warning: remote port forwarding failed for listen port 2222
```

Sasa angalia mtego ulipo. Bila `ExitOnForwardFailure=yes`, SSH hutoa onyo hilo kisha inaendelea kukaa hewani kana kwamba mambo ni shwari. Ukitazama Shighatini, unaona programu inakimbia. Dar es Salaam hakuna kinachofunguka. Ndipo mtu anapotangaza kwamba mahandaki ni ubabaishaji.

Ile mistari ya nyongeza kwenye amri ya kwanza ndiyo inayomaliza tatizo hili. SSH ikishindwa kuipata poti, inakufa. Isipopata jibu kutoka ng'ambo mara 3, kila baada ya sekunde 30, inakufa pia. Kwenye seva ya kukodi weka `ClientAliveInterval 30` na `ClientAliveCountMax 3`, nayo itaiachia poti ndani ya dakika moja na nusu hivi. Kisha amri yenyewe iendeshwe na systemd, ikiwa na `Restart=always` na `RestartSec=15`, ili kila ikifa ifufuke. Muunganisho unaopumua kila sekunde 30 pia hauonekani kuwa umelala, kwa hiyo mitambo ya kampuni ya simu haiufuti. Kwa mpangilio huo, mtandao ukikatika na kurudi, handaki linajirudisha lenyewe bila mtu kupanda mlima.

Likigoma, ujumbe wenyewe unaonyesha palipokatika. Mweka hazina akiona `stdio forwarding failed` baada ya `Connection refused`, amefika kwenye seva ya kukodi lakini Shighatini haijaunganishwa, huenda umeme au bando limekwisha. Muunganisho ukikubali ila kivinjari kikagoma, na SSH ikaandika `open failed: connect failed: Connection refused`, handaki ni zima na ukurasa ndio uliozimika. Kwenye seva ya kukodi, amri ya `ss -tln` ionyeshe `127.0.0.1:2222`. Ikionyesha `0.0.0.0:2222`, kuna mtu amefungua `GatewayPorts`, na poti hiyo iko mbele ya dunia.

Watabaki wanaosema kwamba SSH nayo ina kasoro zake. Inazo. Julai 2024 ilitangazwa kasoro kubwa katika OpenSSH, iliyopewa jina la regreSSHion, na seva nyingi zililazimika kusasishwa haraka. Seva ya kukodi lazima iendelee kusasishwa. Lakini linganisha: upande mmoja una programu moja, iliyotengenezwa ili isimame mbele ya maadui, inayokaguliwa na watu wengi na kurekebishwa kasoro inapojulikana. Upande mwingine una ukurasa wa ratiba ya maji ambao kijana mmoja aliuandika wakati wa likizo. Anayeniambia hatari hizo mbili ni sawa hajafikiri.

Wengine watataka VPN. WireGuard ni programu nzuri, na anayetaka kuunganisha nyumba nzima, vifaa vyote kwa pamoja, aichague. Ajue tu kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN nchini wajisajili, kwa hiyo afuatilie kanuni zinavyosema. Kwa ukurasa mmoja na watumiaji wachache, VPN ni kubwa kuliko kazi. Huduma za bure za mahandaki zinazotolewa na kampuni nazo ni rahisi kuanza, lakini kwa kawaida HTTPS hufunguliwa kwenye mitambo ya kampuni kabla ya kuja kwako. Ni lile tatizo la katikati, safari hii kwa hiari yako.

Handaki lina mipaka yake. Linabeba TCP tu. Kila picha inayofunguliwa Dar es Salaam inapandishwa kwa bando la Shighatini, kwa hiyo si njia ya kutazamia video za kamera mchana kutwa. Kila mtumiaji anahitaji ufunguo wake na mafunzo ya dakika chache, ingawa hata simu ya Android inaweza kwa programu ya Termux. Na kama ukurasa ni wa umma kweli, kwa mfano tangazo linalotakiwa kusomwa na kila mtu, usiuweke nyumbani hata kidogo, upeleke kwenye seva ya umma.

Lakini ratiba ya ndiva, madaftari ya michango na namba za simu za majirani si vitu vya umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezitunza azilinde, na katibu wa Shighatini hatajitetea kwa kusema fundi alimwambia nywila inatosha. Kama kuna poti iliyofunguliwa kwenye ruta ya nyumba yako leo, ifunge kabla hujaweka handaki, na fundi atakayekushauri uifungue tena, mlipe nauli yake na umshukuru.